Gharama halisi ya kupaka rangi chumba: usihesabu ndoo, hesabu mita ya mraba

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi na kuuliza bei ya rangi ya maji, yaani emalshani, utatajiwa bei ya ndoo. Hii ya elfu sabini, ile ya laki na arobaini, na ile pale ya laki mbili na ushee. Zote ni ndoo za lita 20, zote nyeupe, na wengi huchukua ya kwanza. Tatizo ni kwamba bei ya ndoo haikuambii lolote mpaka ujue mambo mawili: lita moja ya rangi hiyo inafunika ukuta kiasi gani, na ukuta utahitaji mikono mingapi mpaka rangi ya chini isionekane. Ukishayajua, hesabu yenyewe ni fupi:

```
gharama ya mita 1 ya mraba = bei ya lita ÷ mita ambazo lita inafunika × idadi ya mikono
```

Mwongozo huu unaichukua hesabu hiyo hatua kwa hatua kwa kutumia chumba kimoja cha kulala, nyumba mpya, Dar es Salaam. Bei zilizotumika ni za mfano. Weka zako za dukani mahali pake, kwani njia haibadiliki.

Anza na futi kamba

Chumba chetu ni mita 3.6 kwa 3.6, urefu wa ukuta kutoka sakafuni hadi dari mita 2.8. Jumlisha pande zote nne upate mzunguko wa mita 14.4, uzidishe kwa 2.8, unapata mita za mraba 40.3. Toa mlango (0.9 kwa 2.1, sawa na 1.9) na dirisha (1.5 kwa 1.2, sawa na 1.8). Zinabaki 36.6. Iite 37.

Dari ihesabu peke yake, maana kwa kawaida hupakwa rangi nyingine. Soketi, swichi na sketingi usihangaike kuzitoa. Wapo mafundi ambao hawatoi hata milango na madirisha, wakisema kazi ya kukata kingo inakula muda ule ule. Kwenye malipo ya ufundi hoja hiyo ina uzito, lakini kwenye ununuzi wa rangi haina, kwa sababu mlango haunywi emalshani.

Namba iliyoandikwa kwenye ndoo, na namba ya ukutani kwako

Ndoo nyingi zina maandishi yanayosema lita moja inafunika mita kadhaa za mraba. Mara nyingi ni namba mbili, kwa mfano 8 hadi 10, au 11 hadi 13. Chukua ndogo. Namba hiyo imepatikana kwenye ubao laini usionyonya, rangi ikipakwa sawasawa na bila tone kupotea. Ukuta wako si ubao huo. Ukiwa umepigwa skimu vizuri, ukasuguliwa msasa na kupakwa praima, punguza asilimia 20, na humo uhesabu pia rangi inayobaki kwenye rola, kwenye trei na ile inayodondoka sakafuni. Ukuta wa plasta tupu isiyopigwa skimu, punguza asilimia 30. Ukuta wenye vipele au uliokwanguliwa makusudi uwe na mashimo unaweza kula karibu nusu ya namba hiyo, kwa kuwa eneo lake halisi ni kubwa kuliko unavyolipima kwa futi kamba.

Kwa nini rangi moja ifunike mita 8 na nyingine 13? Jibu liko kwenye kile kinachobaki ukutani maji yakishakauka. Rangi ya maji ina gundi, unga wa rangi na vijazio, na vyote hivyo huitwa yabisi. Maji yaliyobaki huruka hewani. Karatasi ya maelezo ya bidhaa, ambayo duka kubwa au wakala wa kiwanda anaweza kukupa, hutaja yabisi kwa asilimia ya ujazo. Ukiwa nayo unaweza kukagua mwenyewe kama namba ya kwenye ndoo inawezekana:

```
mita za mraba kwa lita = asilimia ya yabisi × 10 ÷ unene wa rangi kavu (mikroni)
```

Rangi yenye yabisi asilimia 35 ikiacha tabaka kavu la mikroni 35 inafunika mita 10 kwa lita. Yenye yabisi asilimia 25, kwa unene ule ule, inafunika kama mita 7 tu. Kiwanda kikiandika kwamba hiyo ya pili inafunika mita 12, maana yake ni tabaka jembamba zaidi, na tabaka jembamba ndilo linalokulazimisha kurudia mkono wa tatu na wa nne. Kwa hiyo namba kubwa ya ufunikaji peke yake si sifa. Inakuwa sifa pale tu mikono miwili inapotosha.

Kabla hujatoka dukani, soma pia kipimo chenyewe. Ukikuta ndoo imeandikwa kilo 20 badala ya lita 20, tahadhari. Rangi ya maji ni nzito kuliko maji, mara nyingi kilo 1.3 hadi 1.5 kwa lita. Kwa kilo 1.4, ndoo ya kilo 20 ina lita 14 na kidogo. Anayelinganisha ndoo mbili kwa ukubwa wa macho anakuwa amepoteza karibu lita sita bila kujua.

Jambo jingine ni maji anayoongeza fundi. Kiwanda huruhusu kiasi fulani, na kiko kwenye ndoo. Kwa emalshani nyingi ni asilimia 10 au zaidi kidogo kwa mkono wa kwanza. Fundi akimimina lita 5 za maji kwenye ndoo ya lita 20, ndoo inakuwa na lita 25, naye atakuambia rangi imeongezeka. Kilichoongezeka ni maji. Yabisi iliyokuwa asilimia 35 sasa ni 28, na ukuta utaonyesha michirizi ya rola na vivuli vya plasta chini yake. Dalili unaiona mapema: rangi inatiririka kutoka kwenye rola, inachuruzika ukutani, na ikikauka kona zinakuwa na weupe tofauti na katikati ya ukuta.

Mikono mingapi?

Hili ndilo swali linalobadilisha bajeti kuliko yote, na halijibiwi na ndoo. Lijibu kwa kipande cha hadibodi. Paka nusu yake rangi nyeusi, acha nusu nyingine nyeupe, ikauke kabisa. Halafu paka rangi unayotaka kununua juu ya sehemu zote mbili kwa rola ile ile itakayotumika ukutani. Acha ikauke, kwa sababu rangi mbichi hudanganya: nyingine huonekana hafifu ikiwa mbichi na kufunika vizuri ikikauka, nyingine kinyume chake. Paka mkono wa pili. Simama hatua mbili mbali karibu na dirisha. Kama mpaka wa nyeusi na nyeupe bado unaonekana wazi, rangi hiyo inahitaji mkono wa tatu. Kama ni kivuli hafifu tu, ukutani mikono miwili itatosha, maana ukuta wenye praima nyeupe hauna weusi wa kufichwa. Kopo la lita moja linatosha jaribio hili, na rangi itakayobaki utaitumia.

Kwa kopo hilo hilo pima na ufunikaji. Chora mstatili wa mita 2 kwa 2.2 kwenye ukuta wenyewe ulioandaliwa, pima nusu lita, upake mkono mmoja. Rangi inayodai mita 11 kwa lita, ukitoa asilimia 20, inapaswa kumaliza mstatili huo, ambao ni mita 4.4. Ikiishia robo tatu, tumia namba uliyoipata wewe.

Rangi uliyoichagua nayo ina la kusema. Nyeupe na zile za kufifia kama krimu zina unga mweupe mwingi unaoficha. Nyekundu, njano kali na rangi ya chungwa huchanganywa kwenye msingi wenye unga mweupe kidogo au usio nao kabisa, ndiyo maana hupitisha ukuta wa chini. Mikono mitatu au minne ni kawaida. Kwa nyekundu, mwambie muuzaji akuchanganyie praima iwe ya kijivu. Mkono mmoja wa praima hiyo hukuokolea mkono mmoja wa rangi ghali. Vivyo hivyo ukiutoa ukuta wa bluu iliyokolea kuupeleka krimu, hesabu mkono wa ziada tangu mwanzo.

Praima na skimu, pale bajeti inapovuja

Chumba chetu kimepigwa skimu. Skimu kavu inanyonya. Mwagia ukuta maji kidogo kwa vidole: matone yakinywewa ndani ya sekunde chache, emalshani itanywewa vilevile, na gundi yake itaingia ndani ya ukuta na kuuacha unga wa rangi juu ukiwa hauna wa kuushika. Baada ya miezi michache ukipitisha kiganja kinatoka cheupe, au ukibandika selotepu na kuivuta inatoka na rangi.

Watu huiruka praima ili kuokoa pesa, basi tuihesabu. Praima inayodai mita 10 kwa lita, ukitoa asilimia 20, inabaki 8. Mita 37 zinahitaji lita 4.6, yaani galoni moja ya lita 4 na kopo la lita moja. Kwa bei ya mfano, 30,000 na 8,500, jumla 38,500. Sasa iache. Rangi ya kati, ambayo juu ya praima ingefunika mita 8.8, juu ya skimu tupu inaweza kushuka hadi mita 5 kwenye mkono wa kwanza. Huo peke yake ni lita 7.4. Umezama ukutani, hivyo utahitaji mikono miwili zaidi ya lita 4.2 kila mmoja. Jumla ni karibu lita 16, galoni nne za 32,000, sawa na 128,000. Ukiwa na praima, rangi na praima kwa pamoja zinatoka 111,500, kama utakavyoona hapa chini. Umelipa zaidi kwa ukuta ambao bado utabanduka.

Kabla ya praima hakikisha ukuta umekauka. Plasta mpya ya saruji ipewe angalau wiki nne, na msimu wa masika zaidi. Bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe kingo zote kwa selotepu, ukiache usiku na mchana. Ukikuta matone ya maji ndani yake, ukuta bado unatoa unyevu, na rangi yoyote, ya bei yoyote, itavimba malengelenge au kutoa unga mweupe wa chumvi. Kwa plasta changa tafuta praima iliyoandikwa kwamba inahimili alkali, kwa sababu saruji mbichi huunguza gundi na kufifisha rangi.

Nyumba za zamani zina mtego wake. Chini ya rangi mara nyingi kuna chokaa. Rangi mpya itashika chokaa, na chokaa haijaushika ukuta, kwa hiyo vyote vitashuka pamoja. Ikwangue mpaka ufike plasta, ihesabu kama kazi ya siku nzima ya kibarua, na uiandike kwenye bajeti kabla ya kuuliza bei ya rangi.

Rangi tatu, chumba kimoja

Sasa tuziweke rangi tatu juu ya mita zetu 37, zote zikipakwa juu ya praima ile ile.

Ya kwanza ni emalshani ya bei nafuu, ndoo 70,000, sawa na 3,500 kwa lita. Inadai mita 8, halisi 6.4, na kwenye hadibodi imeomba mikono mitatu. Mita moja ya mraba inagharimu shilingi 1,640, na chumba kinahitaji lita 17.3. Hapo unanunua ndoo nzima.

Ya pili ni vinili isiyong'aa ya daraja la kati, ndoo 140,000, sawa na 7,000 kwa lita. Inadai mita 11, halisi 8.8, mikono miwili. Mita moja inagharimu 1,590. Soma tena: lita yake ni ghali maradufu, lakini mita yake ni rahisi kuliko ya kwanza. Chumba kinahitaji lita 8.4. Ndoo itakuwa kubwa mno, kwa hiyo unachukua galoni mbili za 32,000 na kopo la 9,000. Jumla 73,000, na nusu lita na kitu inabaki ya kuzibia madoa baadaye.

Ya tatu ni silki, ndoo 220,000, sawa na 11,000 kwa lita. Inadai mita 13, halisi 10.4, mikono miwili. Mita moja ni 2,115. Chumba kinahitaji lita 7.1, galoni mbili za 48,000, jumla 96,000.

Ongeza fundi. Tuseme anatoza 1,500 kwa mita kwa praima na mikono miwili, na 500 kwa kila mkono wa ziada. Malipo ya msingi ni 55,500, na mkono wa tatu wa rangi nafuu unaongeza 18,500. Pamoja na praima ya 38,500, picha ni hii:

- rangi nafuu: 70,000 + 38,500 + 55,500 + 18,500 = 182,500
- vinili ya kati: 73,000 + 38,500 + 55,500 = 167,000
- silki: 96,000 + 38,500 + 55,500 = 190,000

Dukani, ndoo nafuu na ndoo ya silki zilipishana kwa laki moja na nusu. Chumbani zinapishana kwa 7,500, na ya kati imezishinda zote mbili. Rangi nafuu ina nafasi yake: chumba cha kupangisha kinachopakwa upya kila mpangaji akihama, stoo, au dari isiyoguswa na mtu. Fundi anayekubaliana nawe kwa bei ya chumba kizima, si kwa mita, ataipenda pia, kwa sababu ataishia mkono wa pili na wewe ndiye utakayeishi na vivuli. Andikianeni idadi ya mikono.

Ukiwa na vyumba vitano au sita vya rangi moja, rudi kwenye bei ya ndoo, maana galoni hukuongezea kama shilingi elfu moja kwa kila lita. Hapo lita 8.4 mara sita ni kama lita 50: ndoo mbili na galoni tatu.

Mng'ao nao una bei

Silki inang'aa kidogo na inavumilia kitambaa chenye maji na sabuni. Korido, chumba cha watoto na ukuta wa nyuma ya meza ya chakula ndipo inapolipa. Rangi isiyong'aa ya daraja la chini ukiipangusa doa la mkono, doa linaondoka na rangi inaondoka nalo, na hapo unakuwa umejinunulia kazi ya kupaka upya ukuta mzima.

Lakini mng'ao hufichua. Mwanga wa dirisha la ubavuni ukipita juu ya silki, kila bonde la mwiko na kila alama ya msasa inasimama wazi. Ukuta usionyooka ukitaka kuupa silki, kwanza urudie skimu. Kwa ukuta wa wastani, skimu ya mikono miwili hula kama kilo moja hadi moja na nusu ya unga kwa mita, yaani kilo 40 hadi 55 kwa chumba hiki, ukiacha ufundi na msasa. Weka gharama hiyo upande wa silki unapolinganisha. Kama hutaki kuilipa, chukua vinili isiyong'aa, ambayo mwanga unatawanyika juu yake na mabonde hayaonekani sana. Silki ina usumbufu mwingine: ukiziba doa katikati ya ukuta, kiraka kinaonekana kwa mng'ao wake hata kama rangi ni ile ile. Huwa unalazimika kupaka ukuta kutoka kona hadi kona.

Siku ya kununua

Nunua rangi yote ya chumba kwa mara moja na uangalie namba ya toleo iliyopigwa kwenye kifuniko au ubavuni, iwe moja kwenye galoni zote. Hata hivyo zimimine zote kwenye ndoo moja safi, ukoroge, ndipo upake. Tofauti ndogo kati ya galoni na galoni haionekani kwenye kopo, ila huonekana pale galoni moja inapoishia katikati ya ukuta. Kwa rangi iliyochanganywa na mashine, hifadhi stika ya mchanganyiko yenye namba zake, kwa kuwa jina la rangi kwenye katalogi peke yake halitoshi kuirudia baadaye.

Mkono wa kwanza ukiisha, angalia kilichobaki. Vinili yetu ilitakiwa kula lita 4.2 kwa mkono mmoja. Kama zimeondoka 6, simamisha kazi uangalie: ama praima haikupakwa kila mahali, ama rola ina manyoya marefu mno kwa ukuta laini, ama kuna rangi iliyoondoka eneo la kazi. Kama zimeondoka 3, fundi ameongeza maji au anaivuta rangi mno, na mkono wa pili hautafunika. Katika hali zote mbili ni nafuu kuligundua hilo kabla mkono wa pili haujaanza.